Pesa Zote Dukani? Jinsi ya Kupima Hatari Kabla ya Kuweka

Mwaka 2019 baba mmoja wa hapa Tena aliachishwa kazi katika kiwanda kimoja kule Eneo la Viwanda. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka kumi na saba. Alipewa shilingi 620,000, na jioni hiyo hiyo yeye na mkewe wakakaa mezani kuamua pesa hizo ziende wapi. Mkewe alikuwa na duka la kushona na kuuza sare za shule, duka ambalo lilikuwa limelipa karo na kodi ya nyumba kwa miaka sita. Basi uamuzi haukuwachukua muda. Pesa zote ziende dukani.

Walikuja kuniambia wakiwa na furaha, nami niliwapongeza. Nayaandika haya kwanza ili msomaji ajue kwamba siandiki kama mtu aliyeona mbele. Hesabu ninayoieleza hapa tuliifanya baadaye, mwaka 2021, tukiwa tumekaa sakafuni katika duka lililobaki nusu tupu. Wamekubali niieleze, mradi nisitaje majina, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha ili wasijulikane.

Swali lao naulizwa mara nyingi hapa ofisini, hasa na watu waliopata mafao, waliouza shamba la urithi, au walioletewa zamu yao ya chama. Je, pesa niziweke katika biashara yangu ninayoijua, au nizitawanye: kidogo Sacco, kidogo hati za serikali, kidogo kwenye mfuko wa pamoja? Wengi huuliza wakiwa tayari wana jibu, nalo ni biashara. Na sababu yao si ya kijinga hata kidogo.

Hebu tuone sababu ya familia hii. Duka lilikuwa na mali ya kama 300,000 ndani yake, yaani cherehani mbili, vitambaa, sweta na kabati. Kila mwezi, ukigawanya mwaka mzima, lilikuwa likileta faida ya 45,000. Mama akaniambia, "Mwalimu, laki tatu inanipa elfu arobaini na tano kwa mwezi. Nikiongeza laki sita si nitapata mara tatu? Hiyo serikali yako inanipa nini?" Wakati ule hati za serikali za mwaka mmoja zilikuwa zikilipa karibu asilimia 9 au 10 kwa mwaka. Ukiweka 620,000 na ukatwe ushuru, unapata kama elfu hamsini kwa mwaka mzima. Mama alicheka, na mimi nikacheka naye.

Lakini kuna makosa mawili katika hesabu ile, na nimeyaona katika familia nyingi sana tangu siku hiyo.

Kosa la kwanza ni kwamba mama hakuwa amejilipa. Alikuwa akifungua duka saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku, siku sita kwa wiki. Kama angeajiriwa na mtu mwingine kukata vitambaa na kusimamia duka la namna hiyo, angelipwa kama 22,000 kwa mwezi. Kwa hiyo katika ile 45,000, elfu ishirini na mbili ni jasho lake. Pesa zenyewe zilikuwa zimezaa 23,000. Hata hivyo hiyo bado ni faida kubwa mno: 276,000 kwa mwaka kutoka kwa mtaji wa 300,000. Hakuna benki inayokupa hiyo. Ndiyo maana nasema watu hawa si wajinga. Shilingi ya kwanza katika biashara ndogo iliyo na wateja huzaa kuliko shilingi nyingine yoyote.

Kosa la pili ndilo kubwa. Walidhani shilingi ya mwisho itazaa sawa na ya kwanza.

Shilingi inayofuata

Unapotaka kuongeza pesa kwenye biashara, usiulize duka linazaa kiasi gani. Uliza hizi pesa mpya zitanunua nini, na kile kitu kitaleta shilingi ngapi zaidi ya zile unazopata sasa. Wao walinunua vitu vinne. Mashine ya kutia nembo kwenye sweta, 280,000. Cherehani mbili za umeme, 70,000. Sweta na vitambaa vya msimu wa Januari, 200,000. Na walihamia chumba kikubwa zaidi, wakalipa 70,000 ya kuingilia na ya dhamana.

Tuanze na mashine ya nembo, maana hiyo ndiyo ilikuwa na maana zaidi. Zamani walikuwa wakipeleka sweta mjini kutiwa nembo kwa shilingi 60 kila moja, na kwa mwaka walikuwa na sweta kama 2,500. Hizo ni 150,000 zinazobaki nyumbani ukiwa na mashine yako. Toa nyuzi, stima na fundi wa kurekebisha, tuseme 40,000. Inabaki 110,000. Lakini mashine inazeeka. Ikidumu miaka mitano, ni lazima kila mwaka uweke kando 56,000 ili siku ikifa ununue nyingine. Faida ya kweli ni 54,000 kwa mwaka. Si mbaya.

Zile cherehani mbili za umeme zilisaidia Desemba na Januari tu. Kuanzia Machi hata zile za zamani zilikuwa zinakaa bila kazi. Tulikadiria zilileta 20,000 kwa mwaka. Kununua sweta mapema na kwa wingi kuliwapunguzia bei, wakaokoa kama 24,000. Chumba kikubwa kilipandisha kodi ya duka kutoka 12,000 hadi 18,000 kwa mwezi, yaani 72,000 zaidi kwa mwaka, wala hakikuleta mteja mpya hata mmoja. Na angetoka wapi? Sare wanazishona za shule nne. Wanafunzi wa shule nne hawaongezeki kwa sababu fundi amepata chumba chenye dirisha la kioo.

Ukijumlisha yote, pesa mpya 620,000 zilileta kama 26,000 kwa mwaka. Hiyo ni kama asilimia 4. Karibu nusu tu ya zile hati za serikali tulizozicheka. Mama aliitazama karatasi kwa muda mrefu kisha akasema, "Kumbe ile faida nzuri yote ilikuwa ya laki tatu za kwanza." Ndivyo ilivyokuwa.

Angalieni kwamba mpaka hapa sijasema neno juu ya hatari. Hata kama mambo yote yangeenda vizuri, sehemu kubwa ya zile pesa haikuwa na kazi dukani. Mashine ya nembo ilistahili. Hayo mengine yalikuwa ni furaha ya kupanua.

Kilichotokea Machi 2020

Januari 2020 msimu ulikuwa mzuri. Kisha, Jumapili ya tarehe 15 Machi, serikali ikatangaza kufunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Wanafunzi wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba mwaka huo. Wengine wote walirudi tarehe 4 Januari 2021. Kwa miezi tisa hakuna mzazi aliyenunua sweta.

Mtu atasema, hilo ni janga la dunia nzima, nani angejua? Ni kweli, hakuna aliyejua. Lakini sikilizeni jinsi pigo moja lilivyoiangusha familia hii pande zote kwa pamoja, kwa maana hapo ndipo funzo lote lilipo.

Mauzo ya mama yalisimama. Baba, ambaye zamani alikuwa na mshahara wa kiwandani ambao haukuhusiana na shule kwa vyovyote, sasa alikuwa anafanya kazi pale pale dukani, kwa hiyo riziki yake nayo ilisimama siku hiyo hiyo. Wazazi waliokuwa wamechukua sare kwa mkopo wakaacha kulipa. Mama alikuwa na akiba ya 90,000 katika Sacco, na alidhani hiyo ndiyo kinga yake. Lakini alikuwa amewadhamini wenzake wawili kuchukua mikopo. Mmoja aliuza mikoba ya shule na mwingine aliuza vitabu na kalamu, wote wa mstari ule ule wa maduka. Walishindwa kulipa kwa sababu ile ile iliyomshinda yeye, na Sacco ikachukua pesa za mdhamini, kama sheria ya mkopo inavyosema. Chama chao cha kina mama kumi, wanane wakiwa wafanyabiashara wa mtaa huo, kikakatika Mei.

Mwezi wa nane waliuza mashine ya nembo. Ilikuwa imenunuliwa 280,000 na haijamaliza mwaka. Walipata 95,000. Si kwamba iliharibika. Ni kwamba wenye mashine kama hiyo wote walikuwa wakiuza wakati mmoja, na wa kununua hakuwepo. Hii ndiyo tabia ya mali ya biashara: bei yake inaanguka siku ile ile unapoihitaji, kwa sababu kile kilichokuumiza wewe kimemuumiza na yule ambaye angeinunua.

Kitu kimoja tu hakikuguswa. Baba alikuwa na ekari moja kwao, mahindi na maharagwe, ambayo siku zote walikuwa wakiiona kama mzigo. Walikula kutoka huko mpaka Desemba.

Kuhesabu vitu hakutoshi

Watu wengi wakiulizwa kama wametawanya pesa zao, wanahesabu vitu. "Mimi nina duka, nina Sacco, nina chama, nina mashine, nina madeni ninayodai." Hivyo ni vitu vitano, na moyo unatulia. Familia hii ilikuwa na hivyo vyote. Lakini vyote vilikuwa vinakunywa kutoka kisima kimoja, nacho ni mtoto kwenda shule.

Kwa hiyo sasa nikikaa na familia, tunachukua karatasi ya daftari. Upande wa kushoto tunaandika kila kitu kinacholeta pesa au kinachoweza kuuzwa: faida ya duka, kazi ya baba, kazi ya mama, stoki, mashine, Sacco, chama, shamba. Juu ya karatasi tunaandika matukio manne au matano yanayoweza kutokea kweli, siyo ya kuogopesha tu. Kwa duka la sare tuliandika: shule zimefungwa, shule moja kubwa imebadilisha sare au imempa fundi mwingine kazi, duka limebomolewa, mama ni mgonjwa miezi mitatu. Kisha tunapita kila tukio kutoka juu kwenda chini na kutia alama kwa kila kitu kitakachoumia. Hatuhesabu alama kwa kwenda upande, tunahesabu kwa kushuka. Safu yenye alama nyingi ndiyo inayokuambia ukweli. Ya "shule zimefungwa" ilikuwa na alama saba kati ya nane. Lile shamba peke yake ndilo lililobaki safi.

Tukio la kubomolewa si la kutunga. Wakazi wa huku wanakumbuka Barabara ya Outering ilipokuwa ikipanuliwa kabla ya 2018, jinsi vibanda vya kando ya barabara vilivyoondolewa. Aliyekuwa na kibanda pale na nyumba ya kupangisha Kayole aliumia nusu. Aliyekuwa na vibanda vitatu pale pale alidhani ana biashara tatu, na tingatinga likamwonyesha kwamba ana moja.

Baada ya karatasi hiyo kuna hesabu moja zaidi, na ni rahisi. Nyumbani kwao walikuwa wakitumia 35,000 kwa mwezi ukijumlisha kodi, chakula na karo. Duka likifungwa, kodi yake ya 18,000 inaendelea kudaiwa. Jumla ni 53,000. Ukiwa na pesa ambazo hazihusiani na biashara, gawanya kwa 53,000 ujue una miezi mingapi. Wao Machi 2020 walikuwa na 40,000 benki. Hawakumaliza hata mwezi mmoja. Kama mwaka 2019 wangetenga kwanza miezi sita, yaani 318,000, wangebaki na 302,000, na mashine ya nembo wangeinunua bado. Hawangehamia chumba kikubwa, na kwa hiyo hata ile 53,000 ingekuwa 47,000. Miezi sita na zaidi. Isingefika Januari 2021, siwezi kusema uongo, lakini mashine isingeuzwa 95,000 mwezi wa nane.

Kwa nini miezi sita na si mitatu au kumi na miwili? Hakuna kanuni iliyoandikwa popote. Kwa biashara ambayo mauzo yake ni ya kila siku, kama maziwa au mboga, mitatu inaweza kutosha, kwa maana mambo yakirudi pesa inarudi kesho yake. Kwa biashara ya msimu, ukikosa msimu unangoja mwaka. Kwa sare nasema sita ndiyo ya chini kabisa.

Huko nje nako si salama tu

Sasa kuna mtu anayesoma hapa na kusema, basi nitatoa zote nje ya biashara. Ngoja. Kwanza, wewe biashara yako unaiona kwa macho. Unajua mwalimu mkuu amehama kabla ya gazeti kujua. Huko nje wewe ni abiria. Pili, kuna watu ambao kuweka karibu zote mahali pamoja si kosa: kijana asiye na watoto, asiye na deni, ambaye akianguka anaweza kurudi kuajiriwa. Hatari ile ile inakuwa tofauti kabisa kwa baba wa miaka hamsini na mitatu mwenye watoto wawili sekondari. Huyo hana muda wa kuanza tena.

Na kununua kitu kimoja nje ya duka si kutawanya. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, na watu wengi walikopa ili wanunue. Kabla mwaka haujaisha tangu ziingie sokoni zilikuwa zimeshuka chini ya shilingi 3. Waliokopa waliuza kwa hasara ili walipe benki. Walionunua kwa pesa zao na hawakuwa na haraka walikuja kufaidi miaka mingi baadaye. Hisa ni zile zile, kampuni ni ile ile. Tofauti ilikuwa ni nani angeweza kungoja.

Benki nazo zimefungwa: Imperial Bank Oktoba 2015, Chase Bank Aprili 2016. Leo bima ya amana inamlinda mwenye akaunti mpaka shilingi 500,000 katika benki moja, kwa hiyo kwa wengi wetu hapo pana kinga. Kumbukeni bima hiyo ni ya pesa za benki. Haifuniki Sacco, wala chama, wala yule jamaa anayeahidi asilimia 5 kwa wiki.

Hati za serikali za muda mfupi, zile za miezi mitatu, sita au mwaka, unazinunua kwa Benki Kuu kwa kuanzia 50,000, na tangu 2023 unaweza kufanya hivyo kwa simu kupitia DhowCSD. Unalipa chini ya kiasi kilichoandikwa, na siku ikifika unapewa kamili. Pengo hilo ndilo faida yako, ukitoa ushuru wa asilimia 15. Faida hiyo hubadilika sana. Mwaka 2024 hati za miezi mitatu zilifika karibu asilimia 16, na katikati ya 2025 zilikuwa karibu 8. Kwa hiyo usipange maisha yako juu ya ile namba ya mwaka jana. Mfuko wa pamoja ni pesa za watu wengi zinazowekwa pamoja katika hati kama hizo na amana za benki, nawe unaweza kutoa zako baada ya siku mbili tatu. Hakikisha una kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Sacco ni nzuri kwa kukopa na kujilazimisha kuweka. Lakini pesa zako za Sacco ulizomdhaminia mtu si akiba ya dharura. Zimefungwa mpaka amalize. Na hata ukiwa huna uliyemdhamini, kuzitoa zote ni kuacha uanachama, na mara nyingi utapewa notisi ya siku sitini. Na ploti? Ploti ni mali, sikatai. Ila mwenye ploti mwenye njaa huuza kwa bei ya mnunuzi.

Waliporudi tena

Katikati ya 2024 familia hiyo hiyo ilikuja tena. Duka lilikuwa limesimama upya, katika chumba kidogo cha zamani. Zamu ya mama ya chama kipya ilikuwa imefika, na kwa jumla walikuwa na 240,000. Baba alikuwa na kazi ya ulinzi ghala moja, jambo ambalo mkewe alilisisitiza yeye mwenyewe. "Wacha yeye abaki huko," aliniambia. "Tukiwa wote wawili hapa dukani, hiyo ni alama moja zaidi kwa karatasi."

Wazo lao lilikuwa kununua sweta na mashati ya kidato cha kwanza, maana kila Januari ndiyo yaliyokuwa yakiuzwa kwa wingi. Tukatoa karatasi. Baba akasoma matukio kwa sauti, na mama akanyamaza, kisha akauliza, "Januari 2025, kidato cha kwanza ni nani?"

Hakukuwa na mtu. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na waliofaulu waliingia kidato cha kwanza Januari 2024. Waliokuwa nyuma yao ndio wa mtaala mpya, na hao wangekuwa gredi ya tisa mwaka 2025, katika shule walizokuwa tayari. Wangeingia gredi ya kumi Januari 2026. Kwa hiyo mwaka mmoja mzima hakungekuwa na darasa jipya la sekondari. Hili halikuwa janga kama Korona. Lilijulikana wazi, kila mzazi alikuwa nalo nyumbani, na bado hapa Eastlands niliona maduka yaliyojaza sweta za kidato cha kwanza zikabaki kwenye mifuko.

Wakagawanya hivi. 100,000 zilienda kwenye hati ya serikali ya mwaka mmoja, ambayo ingeiva kabla ya msimu wa gredi ya kumi. 50,000 kwenye mfuko wa pamoja, zile za kugusa haraka. 60,000 ziliingia dukani, lakini si kwa sare za shule. Walinunua kitambaa kizito cha ovaroli na aproni, kwa sababu baba huko ghalani alikuwa ameona jinsi wafanyakazi wanavyovaa nguo zilizochakaa. Faida yake kwa kila vazi ni ndogo kuliko ya sweta, na mwenye ghala hulipa baada ya siku thelathini, jambo linalomkera mama mpaka leo. Zile 30,000 zilizobaki zililipa deni la mwenye vitambaa.

Januari 2025 duka liliuza chini ya nusu ya mwaka uliotangulia. Kodi ililipwa kutoka kwa mshahara wa baba na ovaroli, na mfuko wa pamoja waliugusa mara moja tu, 15,000 za karo. Hati ilipoiva walinunua kitambaa cha sare za gredi ya kumi, lakini kwanza mama alizunguka shule mbili kuuliza rangi. Moja ilikuwa bado haijaamua. Hiyo hakuinunulia kitu.